Mtindi, togwa na tumbo la mkimbiaji: nini hasa kinafanya kazi?

Wiki sita kabla ya mbio za nusu marathoni Moshi, dada mmoja wa kundi letu la mazoezi alianza kunywa nusu lita ya mtindi kila siku saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na mbili tulikuwa barabarani. Alikuwa amesikia kwamba mtindi una bakteria wazuri wanaolinda tumbo la mkimbiaji, na tumbo lake lilikuwa limemsumbua tangu msimu uliopita. Siku ya nne, kilomita ya saba, aliacha njia na kuomba choo kwenye nyumba ya watu. Siku ya sita ikawa hivyo hivyo. Aliponiuliza, kwa kuwa mimi ni afisa lishe, swali lake lilikuwa la haki kabisa: kama mtindi ni dawa ya tumbo, mbona unaniharisha?

Swali hilo nimelisikia kwa sura nyingi mwaka huu. Mmoja anasema uji mchachu unasafisha utumbo. Mwingine anasema wakimbiaji wa Kikalenjini wanashinda kwa sababu ya mursik, maziwa yao ya kuchachusha. Wa tatu anasema kitu kilichochacha ni kitu kilichoharibika, basi. Wote watatu wameshika kipande cha jambo, ila vipande vyao havijaungana.

Tuanze na neno lenyewe, maana sehemu ya mkanganyiko imo ndani ya lugha yetu. Wali wa jana uliosahaulika sufuriani tunasema umechacha, na tunaumwaga. Togwa ya jana nayo imechacha, na tunainywa kwa furaha. Kote mle vijidudu vimekula wanga au sukari na kuacha kitu nyuma yao. Tofauti ni nani aliyewahi. Kwenye togwa na mtindi waliowahi ni bakteria wanaogeuza sukari kuwa asidi ya laktiki, ile inayoleta uchachu. Asidi hiyo ikizidi, vijidudu vingi vya kuharisha hushindwa kukua. Kwenye wali uliosahaulika hakuna aliyepewa nafasi ya kuwahi, kwa hiyo anaingia yeyote, pamoja na wanaotoa sumu. Kuchachusha, basi, ni kuchagua mgeni wa kumfungulia mlango wa kwanza.

Na kuna uchachu ambao hauhusiani na haya hata kidogo. Uji wa mtaani uliokamuliwa ndimu au kutiwa ukwaju ni mtamu, nami naupenda, lakini hakuna bakteria aliyefanya kazi mle. Ulimi hauwezi kukuambia kama kitu kimechachushwa. Ukitaka kujua, uliza kimetengenezwaje.

Jibu la swali hilo ndilo linalobeba karibu mambo yote yanayofuata, kwa sababu mpangilio wa chungu ndio unaoamua kama bakteria wanakufikia wakiwa hai. Chukua uji mchachu wa Kenya. Unga wa mahindi, mtama au wimbi hukorogwa na maji, huachwa siku moja au mbili uchachuke, kisha hupikwa. Bakteria walifanya kazi yao, halafu moto ukawaua. Togwa ya Tanzania ni kinyume chake: uji hupikwa kwanza, hupozwa, hutiwa kimea, ndipo huachwa uchachuke, na hunywewa bila kurudi motoni. Bakteria wake wako hai kwa mamilioni katika kila kijiko. Vyote viwili ni uji uliochachushwa, vyote vina faida, ila si faida ile ile.

Maziwa nayo ni hivyo. Mtindi wa nyumbani, au maziwa mala yanayouzwa kwenye friji na kuisha muda wake baada ya wiki chache, kwa kawaida una bakteria hai. Lakini ziko pakiti za maziwa yaliyochachushwa zinazokaa rafuni miezi bila ubaridi. Hizo zimepashwa moto mkali baada ya kuchachushwa ili zidumu. Kama una shaka, jaribu nyumbani: chemsha nusu lita ya maziwa, yaache yapoe hadi kidole kivumilie, tia vijiko viwili vya mtindi unaoupima, funika usiku kucha mahali penye joto. Yakiganda laini na kuchacha, waliomo wako hai. Yakibaki maziwa, ulinunua ladha tu, na protini.

Sasa, wakiwa hai, wanafanya nini tumboni? Watu wengi hudhani bakteria wa mtindi huhamia utumboni na kujenga. Wengi wao hufia kwenye asidi ya tumbo. Wanaopita hufika kwenye utumbo mpana wenye wenyeji matrilioni waliokaa humo tangu utotoni, na hao hawatoi kiwanja kirahisi. Wageni wetu ni kama vibarua wa msimu wa mavuno: wanafanya kazi wakiwepo, wanakula kwako, na ukiacha kuwaleta wanaondoka ndani ya siku chache hadi wiki mbili hivi. Kwa hiyo kikombe kimoja cha togwa siku ya mbio hakijengi chochote. Kinachoonekana kuleta mabadiliko ni mazoea ya kila siku.

Na mabadiliko yapo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya watu wazima 36 waliofuatwa kwa wiki 10. Nusu yao waliongeza vyakula vilivyochachushwa taratibu hadi takribani milo 6 midogo kwa siku. Aina za bakteria utumboni mwao ziliongezeka, na protini 19 za damu zinazoashiria uvimbe wa ndani, yaani mwili kuwa katika hali ya kupigana muda wote, zilipungua. Karibu na kwetu zaidi, mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya wanaume 77 wa mkoa wa Kilimanjaro. Baadhi walibadilishana vyakula vya asili na vyakula vya kizungu kwa wiki mbili, na kundi jingine la wakazi wa mjini lilikunywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja. Waliohamia vyakula vya asili na waliokunywa mbege, dalili za uvimbe kwenye damu yao zilishuka. Habari hii ilipopita kwenye simu za watu, nilisoma ujumbe uliosema sasa mbege ni dawa. Mbege ina kilevi, na wiki moja ya vipimo vya damu si ruhusa ya kunywa kila siku. Ninachokichukua mimi kutoka Kilimanjaro ni kwamba ndizi, mtama, maharage, mboga za majani na vinywaji vya kuchachusha, vikiwa pamoja, vinatuliza mwili kwa namna inayopimika.

Ila hao walikuwa watu wa kawaida, si wanariadha. Tumbo la mtu anayekimbia lina shida yake ya pekee. Fikiria mgao wa maji. Pampu ni moja, mitaa ni mingi. Ukianza kukimbia kwa nguvu, misuli ya miguu inadai damu, ngozi inadai damu ili ipoze joto, na mtaa unaokatiwa ni utumbo. Katika mazoezi makali damu inayokwenda utumboni hushuka kwa zaidi ya nusu. Seli za ukuta wa utumbo, ambazo kazi yake ni kupitisha chakula na kuzuia uchafu, zinabaki na hewa kidogo. Ukuta unalegea, vipande vya bakteria vinapenya hadi kwenye damu, na mwili unajibu. Ongeza jua, mtikisiko wa hatua maelfu na maji uliyoyagugumia njiani, na hapo ndipo misokoto ya tumbo, kichefuchefu na kuharisha hutokea. Makadirio ya kawaida ni kwamba wanariadha wa mbio ndefu kati ya 30 na 50 katika kila 100 huyapata haya.

Je, bakteria wa kuchachusha huusaidia ukuta huo? Hapa nataka tuwe waangalifu, kwa sababu ushahidi mwingi wa wanariadha haukutoka kwenye mtindi wala togwa. Umetoka kwenye vidonge na vinywaji vyenye aina maalumu za bakteria waliohesabiwa, vinavyoitwa probayotiki. Finland, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wakimbiaji 141 waliojiandaa kwa marathoni ya Helsinki walipewa kwa miezi mitatu ama aina moja ya laktobasilasi ama kitu kisicho na bakteria. Idadi ya waliougua tumbo haikutofautiana sana, lakini katika wiki mbili baada ya mbio, usumbufu wa tumbo ulidumu kwa wastani wa siku 1 kwa waliopata bakteria na siku 2.3 kwa wenzao. Katika utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2019, wakimbiaji 24 nchini Uingereza walimeza vidonge kwa siku 28 kisha wakakimbia marathoni. Waliopata bakteria walilalamika kidogo kuliko wenzao kuhusu tumbo katika theluthi ya mwisho ya mbio. Muda wao wa kumaliza haukuwa bora kwa kiwango cha maana.

Ndiyo picha ninayoiona: nafuu ndogo ya tumbo, baada ya wiki kadhaa za mfululizo, bila kasi mpya miguuni. Togwa yako ina jamaa za karibu za bakteria hao, tena aina nyingi kwa pamoja, na inawezekana sana zinasaidia vilevile. Lakini mtu akikuambia imethibitishwa kwa togwa, anakopa ushahidi wa kidonge.

Kuhusu mursik, nina heshima nayo. Ni maziwa yanayochachukia ndani ya kibuyu kilichopakwa ndani mkaa wa mti wa senetwet, na mabingwa wakirudi Eldoret hupokelewa nayo. Hiyo ni heshima ya nyumbani kwa mshindi. Lakini watafiti walipopima kwa siku saba chakula cha wakimbiaji kumi bora wa Kenya kambini, matokeo yaliyotoka mwaka 2004, walikuta karibu robo tatu ya nguvu yao inatokana na wanga: ugali, sukari, wali. Maziwa yalikuwepo, mengi kwenye chai. Kinachowakimbiza ni ugali, mwinuko wa milima na kilomita walizozikusanya tangu utotoni.

Sasa nirudi kwa dada yetu, kwa sababu faida kubwa za kuchachusha kwa mtu wa mazoezi ziko pale ambapo watu hawatangazi. Ya kwanza ni laktosi, sukari ya maziwa. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki, hasa tusiotoka kwenye jamii za wafugaji, hatuna tena laktasi ya kutosha, kimeng'enya cha kuikata sukari hiyo. Isipokatwa, inateremka nzima hadi utumbo mpana, inavuta maji, inatoa gesi. Watu wengi wenye hali hii huvumilia takribani gramu 12 kwa mara moja, kiasi kilichomo kwenye glasi moja ya maziwa mabichi ya mililita 250. Kuchachusha hupunguza laktosi kwa robo hadi theluthi hivi, na bakteria walio hai wanakuja na kimeng'enya chao wenyewe, wanaendelea kukata sukari ndani ya utumbo wako. Ndiyo maana mtu anayevurugwa na maziwa huweza kunywa mtindi kwa amani.

Tukapiga hesabu pamoja. Nusu lita ya mtindi bado ina gramu 16 hadi 18 za laktosi. Hizo ni nyingi kuliko zile za glasi moja ya maziwa. Nilimwomba anioneshe pakiti. Ilikuwa ya rafuni, ile isiyohitaji friji. Maana yake hakuna bakteria hai, hakuna kimeng'enya cha kumsaidia. Tena yalikuwa na mafuta yote, na mafuta hukawiza chakula tumboni, na saa moja baadaye anakata damu ya utumbo kwa kupanda kilima. Mtindi haukumsaliti. Aina, kiasi na saa vilikuwa vyote kinyume chake.

Faida ya pili ni madini ya chuma, na hii inanigusa zaidi kwa sababu naona wasichana wengi wa mbio wakichoka bila kujua kwa nini. Mahindi, mtama na ulezi vina chuma, lakini kimefungwa na kitu kiitwacho fitati, ambacho mwili hauwezi kukifungua. Nafaka ikioteshwa kuwa kimea na uji ukiachwa uchachuke, vimeng'enya vya nafaka yenyewe na asidi hukatakata fitati, na chuma na zinki vinaachiwa sehemu. Mwanamke anayekimbia hupoteza chuma kwa hedhi, kwa jasho kidogo, na kwa damu chache zinazovuja kwenye utumbo wenyewe. Na hapa uji wa Kenya uliopikwa baada ya kuchacha hauna upungufu wowote, kwa sababu kazi ya kufungua chuma ilikwisha kufanyika kabla ya moto. Chai ya rangi ukiinywa pamoja na uji huo inakifunga chuma upya. Isogeze mbele saa moja au zaidi. Na aliyekwisha pungukiwa damu hatatibiwa na uji. Apime kwanza.

Tulichobadilisha kwa dada yetu kilikuwa kidogo. Mtindi ulihamia jioni baada ya mazoezi, glasi moja ya mililita 250, wa friji au wa nyumbani, pamoja na chakula. Glasi hiyo ina takribani gramu 8 za protini. Mtu anayetaka kujenga misuli baada ya mazoezi hulenga gramu 20 au zaidi, kwa hiyo maharage, yai au dagaa vikajaza pengo. Asubuhi ya mazoezi marefu akanywa togwa, mililita 400, muda wa saa mbili nzima kabla ya kuanza. Mazoezi mafupi ya asubuhi hakunywa kitu ila maji.

Togwa yenyewe tuliitengeneza hivi. Gramu 100 za unga wa mahindi au mtama kwa lita moja ya maji, ukapikwa dakika 20. Uji ukawa mzito kidogo. Ukaachwa upoe hadi uvuguvugu, kidole kikae ndani bila kuungua. Hatua hii ndiyo watu huikimbilia na kuharibu: ukitia kimea uji ukiwa unachemka, vimeng'enya vinakufa na uji unabaki mzito. Ukifanya vizuri, vijiko viwili vya unga wa kimea cha ulezi vinaulegeza ndani ya dakika chache, kama mtu ameongeza maji, kwa sababu wanga unakatwa kuwa sukari fupi. Kisha nusu kikombe cha togwa ya zamani kama chachu, funika, weka mahali penye joto saa 12 hadi 24. Kikombe cha mililita 400 kinakupa karibu gramu 30 za wanga ambao umeshaanza kumeng'enywa, bila mafuta na bila laktosi. Kwa tumbo litakalonyimwa damu muda si mrefu, hicho ni chakula chepesi.

Togwa nzuri inanuka uchachu safi na ina vipovu vidogo. Ikiwa haijachacha kufikia kesho yake, usiinywe. Kimea kina vijidudu vingi kutoka shambani na sakafuni kilipooteshwa, na kinachovizuia ni ile asidi tu. Ikifika kwenye asidi yake, hata watoto hunufaika. Huko Ilula, mkoani Iringa, watafiti walionesha katika miaka ya 1990 kwamba watoto waliopewa togwa walionekana na vijidudu vya kuharisha kwa kiwango kidogo zaidi katika kinyesi chao kuliko wasiopewa. Utelezi, rangi ya waridi, utando wa ukungu au harufu ya kuoza, mwaga yote, hata chombo kioshwe kwa maji ya moto.

Kuna vitu viwili ambavyo asidi haivimalizi. Vijidudu vya brusela kutoka kwa ng'ombe mgonjwa vinaweza kustahimili kwenye maziwa yaliyochachuka yenyewe, na homa yake ya kupanda na kushuka, pamoja na maumivu ya viungo, mkimbiaji huidhania uchovu wa mazoezi kwa miezi. Kwa hiyo chemsha maziwa kwanza, yapoe, ndipo utie chachu, hata kama babu hakufanya hivyo. Na sumukuvu ya mahindi yaliyoota ukungu, iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, haiondoki kwa kuchachusha wala kwa kupika. Nafaka iliyoota ukungu haifai hata kwa kimea.

Dada yetu alifuata mpango huo kwa wiki nne zilizobaki. Wiki ya kwanza gesi ilikuwepo, tukapunguza togwa hadi mililita 250 kisha tukapanda tena. Siku ya mbio alikunywa kile kile alichozoea, saa ile ile, na kilomita ya saba aliipita bila kusimama.